Barua ya mzazi iulize swali, isidai alama

Chukua mtoto wa darasa la sita hapa Nambis, Mbulu. Kwenye jaribio la Sayansi ameulizwa: "Maji safi huchemka kwa nyuzijoto ngapi?" Kaandika 94, kwa kuwa alishapima maji ya sufuria na kaka yake wa sekondari, kwa kipimajoto cha maabara, akaona kimegota hapo. Mwongozo wa kusahihisha unasema 100. Kakatwa alama 2.

Mzazi ana haki ya kuuliza, na ni vizuri aulize kwa maandishi. Tatizo ni kwamba barua nyingi za aina hii huanza na lawama, "mbona umemfelisha mwanangu", na mwalimu naye anabaki kujitetea. Iandikwe hivi: "Mwalimu, habari za kazi. Naomba unieleweshe swali la 7. Mtoto anasema 94 aliipima mwenyewe. Jibu lililotakiwa ni lipi, na je, swali lilitaja maji yanachemshiwa wapi?" Karatasi ya mtihani iambatane na barua.

Hilo la "wapi" ndilo lenye uzito. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuishinda kanieneo ya hewa inayoyakandamiza. Nyuzi 100 ni za usawa wa bahari, kama Tanga au Dar es Salaam. Ukipanda juu hewa inapungua, na kila mita 300 hivi kiwango cha kuchemka kinashuka karibu nyuzi 1. Huku Mbulu tuko juu ya mita 1,700. Gawanya kwa 300: unapata karibu 6, na 100 ukitoa 6 ni 94. Kileleni Hanang, mita 3,400 na ushee, ni kama 89. Mama anayepika maharage makavu huku analijua hili: maji yanatokota kwelikweli, lakini maharage hayaivi haraka.

Basi mwalimu afungue karatasi. Kama swali liliandikwa "katika usawa wa bahari", mtoto hakusoma vizuri na alama zimekwenda kihalali. Aambiwe hivyo waziwazi. Kama halikuandikwa, alama zirudi, na zirudi kwa kila aliyeandika 94, hata ambaye mzazi wake hakuandika barua.

Mwalimu akiitilia shaka 94 yenyewe, apime mbele ya darasa. Kwanza kipimajoto kikae kwenye barafu inayoyeyuka. Kikisoma 2 badala ya 0, kosa ni la kifaa. Halafu kikiwa ndani ya maji yanayochemka, ncha yake isiguse kitako cha sufuria, maana hapo pana joto kuliko maji. Kile cha kupimia homa kisitumike kabisa: kinaishia nyuzi 42 hivi, kitapasuka.

Na jaribio lijalo, swali hilo liandikwe na mahali pake.