Video ya uwani ibaki nyumbani

Kamera ya mlangoni si jambo geni tena katika nyumba zetu, na mimi siipingi. Ninachohoji ni pale video inapokwenda. Kamera nyingi za bei nafuu hupeleka picha kwenye seva za kampuni iliyoziuza, nchi nyingine kabisa, na wewe ukitaka kujua nani aligonga geti, simu yako inakwenda kuiomba picha ile huko huko. Kwa nyumba yenye uwani, ambako bi mkubwa na mabinti wanakaa vichwa wazi, wanaanika nguo na kusukana nywele, hili si jambo dogo. Ukuta tumeujenga mrefu kwa ajili ya sitara, halafu tunafunga jicho juu yake na kumkabidhi mtu tusiyemjua.

Wapo watakaosema nazidisha. Basi tutazame yaliyoandikwa wazi. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni ya Ring ikidai kwamba iliacha wafanyakazi na makandarasi wake wafungue video za wateja. Katika madai hayo alikuwemo mfanyakazi mmoja aliyetazama maelfu ya video za wateja wanawake kwa miezi kadhaa, nyingine kutoka vyumba vya kulala na vyooni. Ring ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Februari 2024 kampuni ya Wyze nayo ilikiri kuwa wateja kama 13,000 walionyeshwa picha za kamera zisizo zao baada ya mitambo kukatika na kurudi. Hapo hakuna mwizi wa mtandaoni aliyevunja mlango. Video ilikuwa kwa mtu mwingine tu, na hilo lilitosha.

Njia nyingine ipo, na haihitaji uwe mhandisi. Mimi nyumbani natumia programu ya bure iitwayo Frigate, katika kompyuta ndogo yenye chipu ya Intel N100, saizi ya kitabu kinene. Imeunganishwa na kamera tatu: geti, gereji na uwani. Wakati wa kununua kamera, sharti langu lilikuwa moja: iwe na RTSP, yaani iweze kutoa video yake moja kwa moja kwenye mtandao wa nyumbani bila kupita kwa kampuni. Muuzaji akikwambia kamera yake inafanya kazi kwa aplikesheni yake peke yake, mshukuru na uondoke.

Watu huniuliza kompyuta ndogo vile itawezaje kumtambua mtu katika video tatu kwa wakati mmoja. Siri ni kwamba haiangalii kila kitu. Kila kamera hutoa video mbili. Moja ni nzito na safi, nayo inakwenda kuhifadhiwa. Nyingine ni nyepesi, ya pikseli 640 kwa 360, na Frigate huchukua humo picha tano tu kwa sekunde. Kwanza inalinganisha picha na picha kuona kama kuna kilichosogea, kazi rahisi isiyotaka akili. Kikisogea kitu, inakata kipande kile tu na kukipa modeli ndogo, ambayo inatazama mraba wa pikseli 300 kwa 300 na kujibu: huyu mtu, hii gari, huyu paka. Jibu linachukua milisekunde chache. Usiku mzima uwani pakitulia, modeli haina kazi.

Modeli hiyo haijui huyu ni nani. Inajua "mtu" na inaishia hapo. Matoleo mapya ya Frigate yanaweza kutambua nyuso pia, lakini mimi sikuiwasha sehemu hiyo, sioni haja ya kuweka daftari la sura za majirani.

Lakini modeli ndogo ina ujinga wake, na ni vizuri kuujua mapema. Kwetu ulijitokeza kwenye kamba ya nguo. Siku ya pili tu baada ya kufunga kamera ya uwani, saa nane za usiku simu ikalia: mtu uwani. Ikalia tena, na tena. Nikafungua rekodi, kumbe ni kanzu mbili zimesahauliwa kwenye kamba na upepo unazichezesha. Ukifikiri, modeli ina udhuru: kitu cheupe, kirefu, chenye mabega na mikono, kinayumba. Mke wangu alicheka sana, akasema hata yeye angekimbia.

Frigate huandika kando ya kila tukio alama ya jinsi modeli ilivyo na yakini, kati ya 0 na 1. Kanzu zilikuwa zinapata 0.72 hadi 0.76. Kwa kawaida programu hukubali kitu kikifika 0.7, kwa hiyo zilikuwa zinapita kwa tabu. Wazo la haraka, ambalo mafundi wengi watakupa, ni kupandisha kizingiti hadi 0.8. Kabla ya kufanya hivyo nilifungua matukio ya kweli ya wiki ile. Watu waliopita mchana walikuwa juu ya 0.85. Lakini bi mkubwa, anapotoka alfajiri amejifunika khanga na kuinama kuchota maji ya udhu, alikuwa anapata 0.74. Ningepandisha kizingiti, kanzu zingenyamaza na mtu aliyeinama gizani naye asingeonekana, na mwizi huingia ameinama.

Kwa hiyo kizingiti nilikiacha pale pale, nikaweka kinyago juu ya kamba:

```yaml
objects:
  track: [person]
  filters:
    person:
      threshold: 0.7
      mask: "0.55,0.40,0.90,0.40,0.90,0.58,0.55,0.58"
```

Namba hizo ni pembe nne za eneo ndani ya picha, kwa sehemu ya upana na urefu wake. Kinachofaa kujua ni kwamba Frigate haitazami kama mtu ameingia ndani ya eneo hilo kwa mwili wote. Inatazama nukta moja tu: katikati ya ukingo wa chini wa kisanduku kilichomzunguka. Kwa mtu halisi nukta hiyo ni miguuni, chini sakafuni. Kwa kanzu ni kwenye pindo, hewani. Ndiyo maana kinyago changu ni ukanda mwembamba pale pindo zinapoangukia, na hakikushuka hadi sakafuni. Mtu akipita chini ya kamba, miguu yake iko nje ya ukanda, anaonekana. Nilihakikisha kwa kumpitisha kijana wangu pale mara kadhaa, mchana na usiku, kanzu zikiwa zimetundikwa.

Hapo niongeze onyo, kwa sababu nimeona watu wakilichanganya hili. Kinyago cha Frigate hakifuti kitu kwenye video. Kinaiambia modeli isijali eneo fulani, basi. Ukidhani umeficha dirisha la jirani kwa kinyago hicho, rekodi yako bado ina dirisha la jirani. La kufanya ni kuingia kwenye mipangilio ya kamera yenyewe na kuchora sehemu nyeusi humo, ili picha itoke kwenye kamera ikiwa tayari imezibwa. Mimi nimeziba dirisha la jirani na mlango wa jiko letu. Maikrofoni nayo nimeizima humo humo.

Sasa turudi kwenye swali la video kutoka nyumbani. Kununua kamera yenye RTSP hakutoshi, maana kamera hizo hizo mara nyingi bado zinapiga simu kwa kampuni zikipata intaneti. Kwenye ruta nimezifungia kabisa: zinaongea na ile kompyuta ndogo na si kwingine. Jaribio lake ni rahisi. Chomoa waya wa intaneti kwenye ruta, kaa saa nzima, tembea mbele ya kila kamera. Rekodi na utambuzi vikiendelea kama kawaida, ujue hakuna sehemu ya kazi inayofanyika nje. Usumbufu mmoja utauona baada ya wiki chache: saa iliyoandikwa juu ya picha inaanza kupotea, kwa sababu kamera haipati tena saa ya mtandaoni. Iambie kamera ichukue saa kutoka kwenye ruta au kompyuta yako.

Tundu lililobaki ni taarifa ya simu. Ujumbe unaokuja kwenye simu yako hupita kwenye seva za Apple au Google hata kama umetumwa na kompyuta iliyoko sebuleni. Watu wengi huweka picha ya tukio ndani ya ujumbe ule, na hapo tumerudi kule kule. Wa kwetu ni maneno matatu tu: mtu yuko getini. Picha tunaifungua tukiwa nyumbani. Anayesafiri sana na lazima aone akiwa mbali anaweza kutumia njia iliyosimbwa kama WireGuard, lakini sheria za VPN katika nchi hizi za Ghuba hazifanani, kwa hiyo ulizia kwanza ulipo. Usifungue mlango wa ruta ukiielekeza Frigate kwenye intaneti moja kwa moja, hasa mlango wa 5000, ambao hauulizi hata neno la siri.

Kuhusu nafasi ya diski: video nzuri ya megabiti 4 kwa sekunde inakula gigabaiti 43 kwa siku. Kamera tatu ni karibu 130, na diski ya terabaiti moja itajaa baada ya wiki. Mimi nahifadhi siku mbili za video yote, na siku kumi na nne za matukio yenye mtu tu. Yaliyozidi hapo yanajifuta, na naona ni bora hivyo. Video ya mabinti ya miezi sita haina kazi kwa mtu yeyote.

Kasoro ya mpango huu siifichi. Mwizi akiichukua kompyuta, amechukua na ushahidi. Ya kwetu haiko sebuleni karibu na televisheni, iko kwenye kabati la stoo, diski imefungwa kwa neno la siri, na betri ndogo inaibeba umeme ukikatika. Neno la siri tunalo wawili, mimi na bi mkubwa. Vijana walilitaka, na yeye ndiye aliyekataa.