Umekatwa mara mbili, au pesa imezuiwa tu?

Umenunua tiketi ya ndege mtandaoni kwa kadi ya benki, shilingi 85,000, ukurasa ukakwama kidogo, kisha simu ikaleta jumbe mbili za kukatwa. Kabla ya kuanza kugombana na muuzaji, fungua akaunti yako uangalie masalio mawili. Tuseme ulikuwa na 300,000. Salio unaloweza kutumia sasa ni 130,000, lakini salio la kitabuni huenda bado ni 300,000, kwa sababu benki imezitenga tu pesa hizo ikimsubiri muuzaji azidai. Miamala ya namna hiyo huandikwa Pending. Muuzaji mwenye oda moja hudai mara moja tu: salio la kitabuni litashuka hadi 215,000, na zuio la pili litaondoka lenyewe, mara nyingi ndani ya siku chache, ingawa baadhi ya benki huchelewa zaidi. Zuio halirudi kama marejesho. Mstari wake hutoweka tu. Lakini ukiona mistari miwili iliyokamilika na salio la kitabuni limefika 130,000, hapo umekatwa kweli mara mbili. Chukua taarifa ya akaunti na namba ya oda, umdai muuzaji. Akikataa, fungua malalamiko benki mapema, maana muda wa kupinga muamala wa kadi una kikomo.