Kodi ya Pango Si Pesa Iliyotupwa: Hesabu ya Miaka Kumi

Mhadhiri mwenzangu, kijana aliyepanga Goba jijini Dar es Salaam, alinijia majuzi na fomu za mkopo wa nyumba. Benki imekwishakubali; kilichobaki ni sahihi yake. "Kaka," aliniambia, "nimechoka kumjengea mtu mwingine." Kauli hiyo tunaisikia kila siku, nami kwa miaka mingi nimeirudia bila kuikagua. Safari hii tuliketi tukaandika hesabu.

Nyumba anayopanga ni ya shilingi 500,000 kwa mwezi. Nyumba ya aina hiyo hiyo, mtaa huo huo, inauzwa milioni 120. Benki inataka atoe asilimia 20 kwanza, yaani milioni 24, na gharama za wakili, uthamini na uhamisho wa hati tulizikadiria kuwa karibu milioni 5. Milioni 96 zinazobaki atakopeshwa kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 15, na rejesho lake ni takriban shilingi 1,344,000 kila mwezi. Matengenezo tuliyawekea milioni 1.2 kwa mwaka. Kodi ya pango tuliipandisha asilimia 7 kila mwaka, hivyo mwaka wa kumi atakuwa akilipa zaidi ya 900,000 kwa mwezi.

Ukijumlisha kodi yote ya miaka kumi unapata karibu milioni 83, na hakuna kinachorudi. Mnunuzi naye atakuwa ametoa milioni 202. Hata hivyo ana nyumba. Ikiwa thamani yake imepanda asilimia 6 kwa mwaka, itauzwa milioni 215. Akilipa gharama za kuuza na salio la mkopo, atabaki na takriban milioni 148. Kwa hiyo makazi yamemgharimu milioni 54 tu. Hapa ndipo wengi huweka kalamu chini na kutangaza kwamba kununua kumeshinda.

Kosa liko katika zile milioni 29 za mwanzo. Mpangaji hazitoi, bado anazo. Tena kila mwezi wa mwaka wa kwanza analipa pungufu ya mnunuzi kwa zaidi ya shilingi 900,000, ingawa pengo hilo hupungua kadiri kodi inavyopanda. Tukichukulia kwamba fedha zote hizo zinawekwa katika hati fungani za serikali au mfuko wa pamoja wa uwekezaji, kwa faida ya asilimia 9, mwishoni mwa mwaka wa kumi mpangaji ana takriban milioni 211. Amemwacha mnunuzi nyuma kwa zaidi ya milioni 60.

Kijana alinikumbusha kwamba mwenye nyumba wake hudai kodi ya mwaka mzima mbele. Ni hoja ya haki, kwa sababu fedha iliyolipwa mapema haizai kwako. Tukaiingiza: ikapunguza akiba ya mwisho kwa kama milioni 5. Inauma, lakini haigeuzi jibu.

Kinachogeuza jibu ni mambo mawili. La kwanza ni bei ya nyumba. Ikipanda kwa karibu asilimia 9 kila mwaka, wawili hawa wanalingana. Ikizidi hapo, mnunuzi anashinda. Madalali watakuapia kwamba ardhi ya Dar es Salaam hupanda zaidi ya hapo, na vipo viwanja vilivyofanya hivyo barabara ilipofika. Lakini nyumba inachakaa, na bei anayoitaja muuzaji si bei aliyolipwa mtu.

La pili ni nidhamu. Mpangaji asiyeweka akiba hata senti anamaliza miaka kumi mikono mitupu, huku mnunuzi ana milioni 148. Ili amfikie tu, lazima aweke kama shilingi saba katika kila kumi ya ile tofauti, bila kukosa, pamoja na harusi, misiba na ada za wadogo zake. Mkopo wa benki ni kibubu chenye kufuli ambalo mwenyewe huna ufunguo wake. Binafsi naliona hilo kuwa hoja nzito kuliko "kumjengea mtu mwingine".

Nikamuuliza swali lililokuwa limebaki: una hakika utakuwa Dar es Salaam miaka kumi? Anatafuta nafasi ya uzamivu nje. Tukakokotoa tena kwa miaka minne. Atakuwa amerejesha milioni 64 na nusu, na deni limeshuka kutoka 96 hadi takriban 87, kwa kuwa marejesho ya mwanzo karibu yote humezwa na riba.

Alizikunja fomu akazirudisha kwenye bahasha. Juzi amenieleza kwamba amemwomba mwenye nyumba mkataba wa miaka miwili, wenye kiwango cha ongezeko la kodi kilichoandikwa ndani yake. Mwenye nyumba bado anafikiria.