Kinachowaka ni Mvuke wa Esansi



Kila moto wa esansi unapotokea kwenye vinu vya mawese au mwaloni hapa Rumonge, neno la kwanza la wakubwa ni lile lile: uzembe wa mfanyakazi. Sisi tunasema mfanyakazi hawezi kujikinga na kitu ambacho hakuelezwa, tena hakionekani kwa macho.

Kitu hicho ni mvuke. Esansi ikiwa majimaji haiwaki yenyewe. Unaowaka ni mvuke unaotoka juu yake ukichanganyika na hewa. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapashwe joto la digrii 38 hivi au zaidi. Esansi hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Basi kwenye joto letu la pwani ya Tanganyika, bidoni ya esansi iliyo wazi inatoa mvuke wakati wote, usiku na mchana.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi juu kama moshi. Unashuka, unatambaa sakafuni, unajaa mashimoni na ndani ya mtumbwi kama maji. Na hauhitaji kuwa mwingi: katika hewa ya sehemu 100, sehemu moja na nusu tu za mvuke zinatosha kuwaka. Robo lita ya esansi ikimwagika na kukauka katika stoo ya mita 3 kwa 3 isiyopitisha hewa, mvuke wake unatosha kuifanya hewa ya sakafu nzima iweze kuwaka, kufikia karibu na magoti.

Tuchukue mfano wa kinu. Pipa la ngazi linachemka juu ya kuni. Mwenzetu anasimama hatua sita hivi kutoka hapo, anajaza bidoni ya lita 20 kwa ajili ya pampu ya maji. Anaona moto uko mbali, na esansi yote inaingia ndani bila kumwagika. Lakini bidoni haikuwa tupu, ilijaa hewa na mvuke. Kila lita inayoingia inasukuma nje lita moja ya hewa hiyo. Mpaka bidoni ijae, lita 20 zimetoka mdomoni, zimeshuka miguuni pake, na upepo unazipeleka kwenye kuni. Moto ukizigusa unarudi kwa kuufuata mvuke, kasi kuliko mtu anavyoweza kuruka, mpaka mkononi mwake. Hapo wakubwa watasema alikuwa mzembe.

Pua haitoshi kumwonya. Harufu huizoea upesi, na mvuke uko chini wakati pua iko juu. Wala bidoni iliyomiminwa yote si salama: tone lililobaki linatoa mvuke, na ndani kuna hewa ya kuchanganyika nao. Bidoni ya namna hiyo yaweza kupasuka kwa cheche moja.

Liko pia jambo la majina. Kwetu Burundi, wengi wakisema petroli wana maana ya mafuta ya taa. Kwa ndugu zetu wa Kigoma, petroli ndiyo esansi. Aliyenunua kwa jina tu anaweza kutia esansi kwenye taa. Ulizeni mafuta ni ya taa au ya injini ya pikipiki, na bidoni ziwekwe alama.

Ng'ambo ya Ruzizi, huko Sange, lori la mafuta lilipinduka tarehe 2 Julai 2010. Watu walikuja na madumu na mabeseni kuchota. Moto ulipolipuka ulifika hata kwa waliokuwa nyumbani kwao, na zaidi ya watu 230 walikufa.

Kwa hiyo madai yetu ni haya. Mahali pa kumiminia pawe nje, mbali na tanuri, taa ya moto na sigara, ambapo upepo hautoki kwenye bidoni kwenda motoni. Kumbukeni kwamba upepo wa ziwa hugeuka jioni, kwa hiyo mahali pa mchana huenda pasifae usiku. Kazi hiyo ifanywe mchana, injini ikiwa imezimwa na kupoa, bidoni ikiwa chini ardhini. Wavuvi wamimine ufukweni kabla ya kupakia, kamwe si ndani ya mtumbwi. Mwajiri alete pampu ya mkono, bidoni zenye vifuniko na ndoo za mchanga. Moto wa esansi usimwagiwe maji, kwa sababu esansi huelea na kusambaza moto. Na bidoni iliyoshika moto isibebwe: iachwe, watu wakimbie.

Msimamizi akikuamuru umimine karibu na moto, kataa, umwite mjumbe wa chama. Pampu ya mkono ni rahisi kuliko mikono ya mtu.