Jalada la Madai ya Uzembe wa Kitabibu Lisomwe kwa Saa, Si kwa Hasira

Familia inayoamini kwamba ndugu yao aliumizwa kwa uzembe hospitalini huwa na haraka ya kufika mahakamani. Haraka hiyo inaeleweka, lakini kesi nyingi za namna hii huharibika kabla hazijasikilizwa, kwa sababu hati ya madai iliandikwa kabla jalada halijasomwa. Makala haya yanashikilia kwamba kazi ya kwanza ya wakili na daktari anayemsaidia ni kuupanga usiku wa tukio saa kwa saa, kuona ni saa zipi hazina karatasi, na kuzitafuta karatasi hizo. Swali la nani alikosea huja baadaye.

Uganda inatoa mfano mzuri. Mwezi Mei 2011 mama mmoja alifika Hospitali ya Nakaseke akiwa katika uchungu pingamizi, yaani uchungu ambao mtoto hawezi kupita. Daktari wa zamu hakupatikana kwa saa nyingi, na mama akafariki kwa kutokwa damu baada ya mfuko wa uzazi kupasuka. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamuru halmashauri ya wilaya iilipe familia shilingi milioni 35 za Uganda. Shauri kama hilo husimama kwa sababu pande tatu zinaonekana: huduma iliyostahili kutolewa, saa ambazo haikutolewa, na uhusiano wa saa hizo na kifo. Ukikosekana upande mmoja, huruma ya hakimu haiwezi kuujaza.

Tuchukue mfano wa kubuni kutoka Dirma, wilayani Hanang. Mama anafika zahanati saa 2 usiku, na mlango wa kizazi umefunguka sentimita 5. Saa 6 usiku anapimwa tena, umefika sentimita 6 tu. Mkunga anaandika rufaa. Gari linaondoka saa 8 na nusu na kufika hospitali saa 10 alfajiri. Mtoto anazaliwa kwa upasuaji saa 1 asubuhi. Alama yake ya Apga katika dakika ya tano ni 3, na siku hiyohiyo anapata degedege. Miaka miwili baadaye hawezi kukaa, na daktari ameandika kuwa ana mtindio wa ubongo.

Familia inamletea wakili kadi ya kliniki, karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali na picha za mtoto. Inamlaumu mkunga wa zahanati. Katika patografu iliyozoeleka, mstari wa tahadhari hutarajia mlango kufunguka sentimita moja kwa saa. Aliyeanza na 5 saa 2 usiku angetarajiwa kuwa na 9 ifikapo saa 6. Kwa hiyo mstari ulikuwa umevukwa, na rufaa ya saa 6 ilikuwa uamuzi sahihi. Kama wakili angemshtaki mkunga kwa kuchelewa kutoa rufaa, angeshindwa kwa karatasi ya mkunga huyohuyo.

Saa zinazohitaji maelezo ni nyingine: saa mbili na nusu za kungoja gari, na saa tatu baada ya kufika hospitali. Kuhusu saa hizo jalada halina kitu. Hapa ndipo orodha ya maombi inapoandikwa: patografu nzima, fomu ya rufaa, kitabu cha safari za gari la wagonjwa, maelezo ya mapokezi hospitalini, rejesta ya wodi ya wazazi ambayo ni kitabu cha MTUHA namba 12, rejesta ya chumba cha upasuaji, karatasi ya dawa ya usingizi, ratiba ya zamu, na jalada la mtoto mwenyewe, ambalo mara nyingi husahauliwa kwa kuwa hutunzwa wodi nyingine. Maombi yafanywe kwa maandishi, yakiambatana na ridhaa ya mzazi, na nakala ya barua iliyopokelewa kwa mhuri itunzwe.

Karatasi mbili zinaweza kuugeuza mfano huu. Tuseme maelezo ya mapokezi yanaonesha mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa 136 kwa dakika saa 10, kisha 96 saa 11. Basi mtoto alifika akiwa na hali njema, na saa mbili za mwisho ndizo zenye uzito. Sasa ifunguliwe rejesta ya upasuaji. Ikionesha kwamba chumba pekee kilikuwa na mama mwingine anayetoka damu hadi saa 12 na nusu, shutuma dhidi ya daktari hudhoofika sana. Ikionesha chumba kilikuwa kitupu, jambo linalotakiwa kuelezwa linakuwa hilo.

Karatasi isiyopatikana si uthibitisho wa uzembe. Hata hivyo, iliyopatikana nayo isiaminiwe bila kulinganishwa. Patografu ambayo mapigo ni 140 kila nusu saa usiku kucha, kwa mwandiko na wino uleule, huenda ilijazwa baada ya mtoto kuzaliwa. Njia ya kujua ni kuipima dhidi ya vitabu vilivyoandikwa na watu wengine, kama kile cha dereva. Kwa mhudumu wa afya fundisho ni jepesi: aliyechelewa kuandika aandike saa halisi anayoandika, na aseme kwamba anaandika baadaye. Maelezo ya kuchelewa yanaweza kumtetea, ila ya kughushi humwangusha hata alipotenda vyema.

Baada ya hapo ndipo mtaalamu aitwe, na mmoja hatoshi. Bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi ataeleza kama mkunga au daktari mwenye sifa hizo, katika kituo cha ngazi hiyo, angetenda vingine. Hawezi kueleza kwa uhakika kama ucheleweshaji ndio uliouumiza ubongo. Hilo ni la bingwa wa watoto, kwa sababu mtindio wa ubongo huweza pia kutokana na maambukizi, manjano kali au kuzaliwa njiti. Apga ya chini na degedege la siku ya kwanza huunga mkono ukosefu wa hewa wakati wa kuzaliwa, lakini havifungi mjadala. Mtaalamu apewe jalada zima, pamoja na yanayomuumiza mdai, na aulizwe swali lisiloegemea upande: je, yaelekea zaidi kuliko kinyume chake kwamba upasuaji wa saa 12 ungeepusha madhara haya?

Kalenda nayo isisahauliwe. Nchini Tanzania madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu. Muda wa mtoto husimama hadi afikie utu uzima, ila wa mama haumngoji. Zahanati ikiwa ya halmashauri, notisi ya siku 90 hutangulia, Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Katika mfano wetu miaka miwili imekwisha kupita. Barua ya kuomba kumbukumbu ingepaswa kuondoka wiki hii.

Baadhi ya majalada, yakisomwa hivi, yataonesha kwamba hakuna aliyekosea. Familia ya Dirma inastahili kuambiwa hivyo mapema, kwa maneno inayoyaelewa, kabla haijauza ng'ombe kulipia kesi.