Blodauni si kupuliza chini

Kwa wiki tatu hivi sijaandika chochote. Sikusafiri wala sikuumwa. Nilikuwa natafsiri maelekezo ya kuendesha boila. Najua mnacheka. Mwandishi wa habari na boila wapi na wapi? Jamaa yangu ana dobi kubwa hapa Dar, ile inayofua mashuka ya mahoteli, na mashine zake za kufulia na pasi zake zinatumia mvuke. Kitabu cha boila kimeandikwa kwa Kiingereza kizito, na wanaoiendesha ni watu wawili wa zamu ambao Kiingereza chao ni cha salamu. Akaniambia, "Wewe si unaandika? Nitafsirie kurasa hizi kumi, tuzibandike ukutani."

Nikakubali haraka. Kurasa kumi ni nini bwana! Leo nakiri kwamba karatasi ile ingebandikwa jinsi nilivyoiandika mara ya kwanza, ningekuwa nimeweka hatari ukutani kwa mkono wangu mwenyewe.

Kabla yangu kulikuwa na rasimu ya mtu mwingine, aliyekaa na kamusi akabadilisha neno kwa neno. Sentensi moja ilisema, "Ondoa vipimo kwenye mabomba mara kwa mara." Nilipomsomea mzee wa boila, akaniangalia kwa huruma. "Sasa kijana, nikiondoa vipimo, nitajuaje presha?" Kumbe kitabu kilikuwa kinasema skeli, ule uchafu mgumu unaoganda ndani ya boila. Kamusi ina maana nyingi za neno hilo: mizani, kipimo, magamba ya samaki. Mtafsiri akachukua ya kwanza aliyoiona.

Nikamuuliza mzee, ninyi mnaitaje? Akasema wao husema skeli tu, kama wazungu waliowafundisha. Nikamwambia hebu nieleze inavyokaa. Akasema, "Si kama ukoko wa wali? Unaganda chini ya sufuria, hautoki kwa maji, mpaka ukwangue." Hapo nikatupa kamusi pembeni. Tukaandika ukoko.

Uzuri wa neno hilo ni kwamba linafundisha. Kila aliyewahi kupika anajua kwamba ukoko ukishakuwa mnene, moto unachoma chini huku wali wa juu haupati joto. Ndani ya boila ni hivyo hivyo. Chuma cha bomba hakiyeyuki wala kulegea kwa moto kwa sababu maji ya upande wa pili yanakipoza muda wote. Ukoko wa chokaa ukikaa katikati, joto halipiti vizuri kwenda kwenye maji. Unachoma mafuta mengi kwa mvuke ule ule, moshi unatoka ukiwa na joto kuliko zamani, na chuma chenyewe kinapata moto kupita kiasi, kinavimba, mwishowe kinapasuka. Ndiyo maana kwenye karatasi tukaongeza mstari ambao kitabu kiliuweka mbali sana, ukurasa mwingine: ukiona joto la moshi linapanda wiki hadi wiki na kazi haijaongezeka, shuku ukoko.

Tukaja kwenye maji. Mimi nilikuwa nimeandika "kutibu maji", na nilijivunia, maana ndivyo tunavyosikia kwenye habari za mitambo ya maji. Mzee hakupinga neno. Alipinga maana. "Ukimwambia kijana wa zamu maji yametibiwa, yeye anafikiri yanafaa kunywa. Boila hainywi." Kweli kabisa. Maji ya kunywa yanatibiwa ili yasilete ugonjwa. Maji ya boila yanalainishwa ili yasilete ukoko. Maji ya kisima yanaweza kuwa meupe kama machozi, ukayanywa ukashiba, na bado yakawa magumu, yaani yamejaa kalsiamu na magnesiamu. Unayajua hata nyumbani: sabuni haitoi povu. Basi tukaandika "kulainisha maji", neno tulilosoma sote kwenye kemia ya sekondari halafu tukalisahau.

Pale dobi wana tangi lenye punje ndogo zinazoshika kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu mahali pake. Punje zikichoka zinaoshwa kwa maji ya chumvi nyingi, kisha zinaanza upya. Zingatia jambo moja hapo. Tangi hilo haliondoi chumvi kwenye maji, linabadilisha aina tu. Linakuokoa na ukoko, lakini chumvi zinaingia kwenye boila kama kawaida, na mvuke unapotoka unaziacha nyuma. Siku nzima mvuke unatoka, chumvi zinabaki. Zikizidi, maji yanatoa povu, na mvuke unaanza kubeba matone machafu hadi kwenye mashuka ya watu.

Ndiyo tunafika kwenye blodauni. Wa kwanza aliandika "kupuliza chini". Mimi nikasahihisha, nikaweka "kumwaga tope". Nikadhani nimemaliza. Ni kweli, kazi yenyewe ni kufungua bomba la chini na kuacha presha isukume nje tope pamoja na maji yaliyozidi chumvi. Kiasi gani? Kitabu kilikuwa na fomula, mzee akawa na ndoo. Boila yao inaruhusiwa chumvi isiyozidi sehemu 3,000 kwa milioni, na maji yanayoingia yana kama 300. Yaani mara kumi. Basi katika kila ndoo kumi zinazoingia, tisa ziende kama mvuke na moja imwagwe. Ukimwaga pungufu, chumvi inapita kiwango. Ukimwaga zaidi, unatupa maji uliyoyalipia mafuta kuyachemsha. Na kisima kikibadilika, hesabu inabadilika, kwa hiyo wanapima kila siku kwa kifaa cha mkononi, wakitumia maji ya boila waliyoyapoza kwanza.

Namna ya kumwaga nayo ilinipa somo la Kiswahili. Bomba lile lina valvu mbili. Ya karibu na boila inafunguka kwa mpigo mmoja wa mkono, ya pili inazungushwa taratibu. Mimi niliandika, "Fungua valvu haraka kwanza." Mzee akauliza, "Haraka ni jina la valvu au ni mwendo wangu?" Nikaona aibu. Tukaandika hivi: Tazama kioo, maji yawe kwenye kiwango chake. Fungua valvu ya mpini, iliyo karibu na boila. Kisha fungua valvu ya gurudumu polepole mpaka mwisho. Usiondoke wala kuondoa macho kwenye kioo. Baada ya sekunde chache, ziba ya gurudumu kwanza, kisha ya mpini. Kwa mpangilio huo, valvu ya gurudumu peke yake ndiyo inayoliwa na tope, na ile ya mpini inabaki nzima kukukinga. Baadaye bomba likikataa kupoa, ujue kuna valvu inavuja.

Umeona nimeandika "ziba" na si "funga"? Hilo pia ni la mzee. Fungua na funga zinatofautiana kwa silabi moja. Ukipiga kelele katika chumba cha boila, pampu inanguruma na moto unavuma, mwenzako anasikia "fung..." tu. Kwenye karatasi iliyolowa ni vile vile. Kiingereza hakina shida hiyo, kwa hiyo hakuna kitabu cha kutafsiri kitakachokuonya. Ni lazima umsikie mtu anayefanya kazi ndani ya kelele.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa mbele. Kwenye sura ya valvu ya usalama, ile inayojifungua yenyewe presha ikizidi, kitabu kilisema blodauni yake isizidi asilimia 10. Mimi, nikiwa na neno langu jipya mkononi, nikaandika bila wasiwasi: "Unapomwaga tope kwa valvu ya usalama, usizidishe asilimia 10."

Mzee aliposikia hivyo akasimama. "Kijana, valvu hii haimwagi tope. Ukipitisha tope hapa, kesho haitakaa vizuri."

Nikarudi kitabuni, nikasoma mara tatu. Kumbe neno ni lile lile, kitu ni kingine kabisa! Kwenye valvu ya usalama, blodauni ni tofauti kati ya presha inayoifungua na presha inayoifanya ijifunge tena. Boila yao inafanya kazi kwenye bar 7, na valvu imepangwa kufunguka kwenye bar 10. Ikishafunguka haijifungi pale pale kwenye 10. Inaendelea kutoa mvuke mpaka presha ishuke, na kwa valvu hii haitakiwi kushuka chini ya bar 9 kabla haijajifunga.

Kwa nini jambo hili linanikosesha usingizi? Kwa sababu asiyejua pengo hilo akiona geji inasoma 9.5 na valvu bado inapiga kelele, atasema imeharibika. Atatafuta nyundo. Au atakaza springi ili inyamaze. Akiikaza, presha inayoifungua inapanda, na boila imenyang'anywa mlinzi wake wa mwisho. Kwenye bar 10 maji ya boila yana joto la kama nyuzi 184, na bado ni maji kwa sababu tu presha imeyabana. Chuma kikiachia, sehemu yake inageuka mvuke kwa mara moja, na lita moja ya maji ikiwa mvuke wa kawaida inataka nafasi ya lita kama 1,600. Ukuta wa dobi hauwezi kuzuia hilo.

Tukaandika: "Valvu ya usalama ikifunguka kwenye bar 10, punguza moto, kisha iache. Itajiziba yenyewe presha ikishuka kati ya 10 na 9. Usiigonge. Usiikaze. Ikiendelea kutoa mvuke chini ya 9, zima boila, mwite fundi." Ni ndefu kuliko Kiingereza chake. Haidhuru. Tofauti yenyewe tuliiita pengo la kujiziba, na hakuna popote kwenye karatasi yetu ambapo inaitwa blodauni.

Sasa nasema langu. Tuna Baraza la Kiswahili la Taifa tangu mwaka 1967, na kazi ya kusanifu istilahi ni kazi ya heshima. Lakini istilahi ya boila ikitungwa mezani, itakuwa neno moja la Kiswahili kwa neno moja la Kiingereza, na kosa langu litarudi likiwa limepigwa muhuri. Mgeni akiwa na neno moja kwa vitu viwili, hatulazimiki kumwiga. Mtafsiri aende chumba cha boila, amshike mzee mkono, amuulize: hapa unafanya nini, unaona nini, na ukikosea kinatokea nini? Majibu hayo ndiyo tafsiri, na jina la kitu litapatikana humo humo.

Karatasi iko ukutani tangu Jumatatu. Mstari wa kwanza mzee ameusoma kwa sauti mwenyewe, kisha akasema, "Hiki sasa ni Kiswahili." Sijawahi kusifiwa vizuri hivyo na mhariri yeyote.