Kipimo cha unyevu kutoka angani kianzie shambani Makumira

Mvua ya kwanza ya masika inaponyesha Makumira, mkulima wa mahindi huwa na siku chache tu za kuamua. Akipanda na mvua ikaendelea, amewahi. Akipanda na mvua ikakata kwa wiki mbili, mbegu huchipua kisha hukauka, na hulazimika kurudi dukani kununua nyingine. Hapo ndipo ubishi huanza kati yake na aliyemkopesha pembejeo au aliyemkatia bima: je, udongo ulikuwa na unyevu siku aliyopanda, au alipanda kwenye vumbi?

Sasa upo ushahidi unaoweza kuletwa mezani, nao unatoka angani. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-1A, iliyorushwa Aprili 2014, hubeba rada. Setilaiti mwenzake wa kwanza aliharibika Desemba 2021, na mwingine akarushwa Desemba 2024. Rada hupeleka mawimbi ardhini na kupima kiasi kinachorudi, usiku na mchana, hata mawingu yakiwa yamefunika Mlima Meru. Udongo mkavu hurudisha kidogo, na udongo uliolowa hurudisha zaidi, kwa sababu maji huathiri mawimbi hayo kuliko mchanga au majivu ya volkano. Takwimu zake hutolewa bure.

Hata hivyo, namba moja peke yake haina maana. Shamba lililo kwenye mteremko unaoitazama setilaiti hung'aa, na lililo upande wa pili wa kilima hufifia, hata kama yote mawili yamepata mvua ile ile. Ndiyo maana wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna, tangu miaka ya 1990, walijenga njia ya kulinganisha kila sehemu na historia yake yenyewe: kiwango chake kikavu kabisa, kiwango chake kilicholowa kabisa, na kipimo cha leo kimeangukia wapi katikati.

Chukua mfano wa shamba la mahindi la hekta moja chini ya barabara ya Moshi. Rada hupimwa kwa desibeli, na namba zake huandikwa kama deni: anayedaiwa 8 yuko juu ya anayedaiwa 15. Tuseme mwezi Oktoba, kabla ya vuli, shamba hilo huonyesha -15, na katikati ya Aprili huonyesha -8. Kati ya ukavu na utoshelevu kuna desibeli 7. Iwapo kipimo cha Machi ni -11.5, kimepanda 3.5 kutoka kwenye ukavu, yaani nusu ya safari. Unyevu ni asilimia 50 ya uwezo wa shamba lile.

Lakini asilimia 50 ya nini? Hapo setilaiti hunyamaza, na jembe ndilo hujibu. Bwana shamba huchukua kikopo cha ujazo wa sentimita za ujazo 100, hukididimiza kwenye sentimita 5 za juu, hupima uzito wa udongo, huukausha kwenye joto la nyuzi 105 kwa saa 24, kisha huupima tena. Ukitoka gramu 120 hadi 95, maji yalikuwa gramu 25, yaani robo ya ujazo wa udongo. Kazi hiyo ikifanywa wakati wa ukavu, wakati wa mvua na mara kadhaa katikati, siku ile ile setilaiti inapopita, ndipo asilimia za rada zinapogeuka kuwa maji halisi.

Kina hicho cha sentimita 5 ndicho mpaka wa rada hii, na mara nyingi huona pungufu ya hapo. Kwa mbegu iliyofukiwa hiyo si kasoro, maana ndipo inapolala. Kwa mahindi yaliyokwisha shusha mizizi, ni habari ndogo. Na kwa kahawa iliyo chini ya migomba, rada huona zaidi majani kuliko udongo. Anayedai kupima kwa njia hii ukame wa kihamba cha kahawa anauza asichokuwa nacho.

Kosa baya zaidi, hata hivyo, huja mwezi ule ule wa ubishi. Februari na mapema Machi mashamba hulimwa. Trekta likipita, mabonge ya udongo hurudisha mawimbi kwa nguvu, na kipimo kinaweza kupanda desibeli 2 au 3 bila tone la mvua. Asiyejua atasema udongo umelowa. Namna ya kutambua ni kuangalia majirani na kuangalia siku. Mvua hupandisha mashamba yote ya eneo kwa pamoja, kisha hushuka udongo unapokauka. Kulima hupandisha shamba moja, na namba hubaki juu hadi mvua au haro isawazishe mabonge. Maji ya mfereji nayo hupandisha shamba moja, ila hushuka upesi kama mvua. Kwa hiyo daftari la zamu za maji ni lazima liwe karibu na anayesoma takwimu.

Kuna pia suala la muda. Setilaiti moja hurudi kwenye njia ile ile kila baada ya siku 12. Ikipita Machi 11, mvua ikanyesha usiku wa Machi 12, mkulima akapanda Machi 13 na jua likawaka, ifikapo Machi 23 sentimita za juu zimeshakauka. Takwimu zitaonyesha ukavu mara mbili mfululizo, na mkulima aliyefuata mvua ataonekana mzembe. Kipimo cha mvua cha shule au cha kijiji, kinachosomwa kila asubuhi, ndicho kitakachomtetea.

Ukubwa wa eneo nao una ubishi wake. Picha ya Sentinel-1 imegawanywa katika miraba ya mita 10, lakini kila mraba una mchanganyiko wa chenga za kung'aa na kufifia, hivyo robo eka yenye miraba kama 10, tena jirani na nyumba ya bati, haisomeki kwa uhakika. Ni vema mashamba ya mfereji mmoja yakasomwa kwa pamoja. Kinyume chake ni takwimu za setilaiti za Metop, ambazo hupatikana karibu kila siku lakini kwa miraba ya kilomita 25. Mraba wa namna hiyo unaweza kuchanganya msitu wa mlimani, mashamba ya Makumira na tambarare kavu za Mbuguni, na kuyapa yote namba moja. Ile huduma ya Ulaya ya unyevu kwa kila kilomita moja imetengenezwa kwa ajili ya bara lao, haifiki Meru.

Kwa hiyo kampuni ya bima au mkopeshaji yeyote anayetaka kutumia unyevu wa angani kuamua nani alipwe Makumira aandike ndani ya mkataba ni setilaiti gani, mraba wa ukubwa gani, na udongo wa wapi ulichimbwa kuthibitisha namba zake. Asiyeweza kutaja mahali palipochimbwa arudishiwe karatasi zake bila sahihi. Halmashauri ya Meru nayo inaweza kuanza kwa gharama ya mizani, vikopo na matumizi ya tanuri la maabara, huku kazi ya kwanza ikifanyika Oktoba, ardhi ikiwa kavu, na ya pili Aprili.